Picha ya viza ya Marekani ikikataliwa: jinsi ya kujua kosa liko wapi

Mtu akiingia studio yoyote hapa Mombasa, iwe Mwembe Tayari, Digo Road au kule Kongowea, husema tu "nataka pasipoti saizi", na mpiga picha bila kuuliza ni ya nchi gani anapiga ile aliyoizoea, milimita 35 kwa 45, kichwa kimejaa, anakata, anakutilia kwa bahasha, kwisha. Kwa viza ya Shengeni hiyo yaenda vizuri. Kwa Marekani haiendi, na hapo ndipo shida zaanzia, maana mtu aichukua ile picha mpaka saiba, waiskani, waikata iwe mraba, waipandisha kwenye DS-160, ile fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, yakataa, waigusagusa tena, yakataa tena, na kila wakiigusa yazidi kuharibika.

Kwa hivyo nashika hiyo ya Marekani peke yake. Vipimo vyake: ya karatasi ni mraba wa inchi 2 kwa 2, yaani milimita 51 kila upande. Ya kupandisha mtandaoni ni mraba pia, kuanzia pikseli 600 kwa 600 mpaka 1200 kwa 1200, faili ya JPEG, ya rangi, isizidi KB 240. Kichwa, kutoka ncha ya nywele mpaka chini ya kidevu, kichukue asilimia 50 mpaka 69 ya urefu wa picha, na macho yawe asilimia 56 mpaka 69 ukipima kutoka ukingo wa chini. Nyuma iwe nyeupe au nyeupe iliyofifia kidogo, wazi, na picha iwe imepigwa ndani ya miezi 6. Wale wa grini kadi, ile bahati nasibu ya DV, vipimo ni hivi hivi, ila huko uangalie zaidi kwa sababu picha mbaya, au ile ile uliyotumia mwaka jana, yaweza kukutoa kabisa bila mtu kukuita urekebishe.

Haya, sasa tuangalie dalili moja moja.

Mfumo unakataa papo hapo, hata uso haujaangaliwa

Ukipandisha na jibu laja pale pale, mara nyingi shida si picha, ni faili. Angalia vitu vitatu: je ni mraba kweli, je ni JPEG kweli, na je ina KB ngapi.

JPEG "kweli" nasema kwa sababu simu nyingi za Aifoni huhifadhi picha kwa aina nyingine ya faili iitwayo HEIC, na kuna watu huenda kwenye jina la faili wakaandika .jpg mwishoni wakidhani wameigeuza. Ndani bado ni HEIC. Kama simu ni yako, nenda Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible halafu upige upya, ama uifungue hiyo picha kwa kompyuta na uihifadhi upya kama JPEG.

Kwa upande wa KB, picha ya simu ya siku hizi yatoka na MB 3 au 4, na watu wa saiba hukimbilia kushusha ubora mpaka ifike 240 huku pikseli zimebaki zile zile elfu tatu. Matokeo yake ngozi yatoka vijisanduku vijisanduku. Kata mraba wako kwanza, shusha pikseli ziwe 600 au 800, na hapo utaona ukubwa umeshuka wenyewe bila kuumiza picha.

Na tafadhali msitumiane picha ya viza kwa Whatsapp kama picha ya kawaida, yabanwa njiani. Itume kama Document. Ukitaka kujua kama ishabanwa vuta karibu mpaka kwenye kope, kama huoni nywele moja moja bali madoa tu, hiyo faili si ya kazi tena, rudi kwa mwenye ile ya mwanzo.

Kichwa kikubwa mno, ama uso umetoka mpana

Hii ndiyo sababu nakutana nayo kuliko zote, na ndiyo watu hupotezea wakati mwingi kwa sababu picha yenyewe yaonekana nzuri tu. Chukua mfano wa dada mmoja wa Majengo, alikuwa na picha ya studio ya 35 kwa 45, taa nzuri, ukuta mweupe, mtandio wa bluu, hakuna kivuli hata kidogo. Yakataliwa. Tukaiweka mezani tukapima kwa rula, kutoka juu ya mtandio mpaka kidevuni ni milimita 34. Sasa piga hesabu: 34 kwa 45 ni asilimia 76 hivi. Marekani wanataka mwisho 69. Yaani hata kabla ya mtu kuigusa, hiyo picha ilikuwa imeshapita kiwango.

Saiba ya kwanza waliikata juu na chini ili iwe mraba, ikawa 35 kwa 35, na kichwa bado ni milimita 34, sasa kimekuwa asilimia 97. Kimegusa juu na chini. Saiba ya pili wao hawakukata, waliivuta upana kutoka 35 mpaka 45 ili iwe mraba, na hapo uso umepanuka karibu asilimia 29, mashavu yamekuwa ya mtu mwingine, na urefu wa kichwa haukubadilika, bado ni ile 76. Kwa hivyo ukianza na picha iliyokatwa 35 kwa 45 hakuna namna ya kukata au kuvuta itakayokufikisha. Nafasi ya mabega na ya juu ya kichwa ishatupwa.

Kuna anayesema basi tuongeze weupe pembeni kwa kompyuta. Mabega utayatoa wapi? Yatakuwa yamekatika kama ya sanamu, na tena Wamarekani wanasema wazi hawataki picha iliyobadilishwa kwa kompyuta.

Dawa ni kurudi studio na kuomba ile faili ya kamera kabla haijakatwa. Bahati nzuri bado walikuwa nayo. Ilikuwa pikseli 3000 kwa upana na 4000 kwa urefu, mabega yote yamo, na juu ya kichwa kuna nafasi. Tukapima kichwa, kikawa pikseli 1500. Nataka kichwa kiwe asilimia 60 hivi, katikati ya 50 na 69, ili hata nikikosea kidogo kupima bado niko ndani. 1500 gawanya kwa 0.6 ni 2500, basi huo ndio upande wa mraba wangu, 2500 kwa 2500.

Kisha macho. Niliyaweka asilimia 62, yaani pikseli 1550 kutoka chini ya huo mraba. Kwake macho yalikuwa 700 juu ya kidevu na 800 chini ya ncha ya mtandio, kwa hivyo kidevu kikaja 850 kutoka chini na juu ya kichwa kukabaki 150. Ukishushia mpaka 600 kwa 600 kichwa chawa 360 na macho 372, vyote ndani. Ikapita mara ya kwanza. Sura ni ile ile, mtandio ule ule, kilichobadilika ni mahali pa kukata tu.

Angalia hapo jambo moja, kichwa kinapimwa pamoja na nywele na kitambaa. Dada aliyefunga bonge kubwa la nywele juu, hijabu ikapanda, au kijana mwenye afro, huyo kichwa chake kwenye picha ni kirefu zaidi na macho yanashuka chini ya katikati. Ukijaribu kutosheleza kichwa macho yanakataa kufika 56. Teremsha lile bonge lirudi kisogoni, kazi yawa rahisi.

Kuna na ule uso mpana usiotokana na kuvuta. Huo ni wa selfi. Ukishika simu kwa mkono, lenzi iko karibu mno na pua, pua yakua, masikio yajificha nyuma. Mwambie mtu akupige, asimame mita moja na nusu hivi, na avute kwa zumu ya mara 2 badala ya kusogea karibu.

Uso mweusi, ukuta umekuwa kijivu

Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu yatuhusu sisi hasa. Kamera ya simu ikiona fremu imejaa ukuta mweupe yadhani mwanga umezidi, basi yaupunguza. Ukuta ambao kwa macho yako ni mweupe pepepe watoka kijivu, na uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi watoka mweusi zaidi, macho na mstari wa taya havionekani. Halafu mtu wa kompyuta aipandisha mwanga picha nzima, uso watoka na rangi ya majivu, punje punje zajaa chini ya macho, na picha imekuwa mbaya kwa njia nyingine.

Rekebisha wakati wa kupiga. Gusa uso kwenye skrini, siyo ukuta, kitatokea kijua kidogo pembeni, kivute juu polepole mpaka uone weupe wa macho vizuri na ukuta umekuwa mweupe. Komea hapo. Ukipita, kipaji cha uso na ncha ya pua zapotea zawa doa jeupe tupu, na hizo hazirudi kwa kuediti.

Kipaji king'aacho ni tatizo letu la pwani, hasa miezi ya kaskazi, mtu atoka kwa matatu jua kali akaa kwenye kiti akiwa bado atoka jasho. Mpe dakika kumi mbele ya feni, ajipanguse kwa tishu, poda kidogo hata kwa mwanamume haina ubaya. Na zima flashi. Flashi ya simu iko karibu na lenzi, yapiga jasho moja kwa moja na yarudi kama kioo, na mara nyingine yaacha macho mekundu.

Mwanga mzuri kuliko wote ni wa bure. Simama uso umeelekea dirisha kubwa au mlango ulio wazi, wewe uko ndani kivulini, jua lenyewe lisikupige. Saa nne asubuhi nzuri, saa kumi jioni nzuri. Saa saba mchana nje usijaribu, jua la hapa liko juu ya utosi, macho yatakuwa mashimo mawili meusi na pua itakuwa na kivuli mpaka mdomoni. Tena chunga kilicho karibu, ukiwa chini ya mabati ya kijani au mbele ya ukuta wa nyumba uliopakwa bluu, ile rangi yakurudia usoni. Kipimo ni weupe wa jicho na meno ya mwenzako aliyesimama hapo, vikionekana vya kijani basi hamia kwingine.

Kivuli nyuma ya kichwa

Sababu ni moja tu karibu kila mara, umesimama umeegemea ukuta. Sogea mbele mita moja au zaidi, kivuli kitaanguka chini nje ya fremu. Kama ni studio yenye taa, iwe mbili, moja kila upande, urefu wa uso, sio moja tu inayotoka kulia, maana hiyo hata ukisogea itakuachia upande mmoja wa uso giza na huo pia ni sababu ya kukataliwa.

Ukitumia shuka nyeupe ipige pasi na uivute, mikunjo yaonekana. Na zile apu za kufuta nyuma na kuweka weupe, sizipendi kabisa kwa kazi hii. Zala nywele, zala ncha ya sikio, zaacha mstari wa kung'aa kuzunguka mabega, na anayekagua picha kila siku auona mara moja. Vilevile zima modi ya kutia ukungu nyuma na ile ya kulainisha ngozi, simu nyingine huja nayo imewashwa na mwenye simu hajui, alama na makovu yake ya kweli yafutika na sura haifanani na aliye mbele ya dirisha la ubalozi.

Hijabu, kofia, kanzu, miwani

Hijabu yaruhusiwa, hilo dada zangu msihangaike nalo. Kinachotakiwa ni kiwe kitu unachovaa kila siku kwa ajili ya dini, uso wote uonekane kutoka kipaji mpaka kidevu na mashavu yote mawili, na kitambaa kisitie kivuli usoni. Shida huwa ni hicho kivuli. Mtandio uliotokeza mbele kama paa dogo juu ya kipaji, ukipigwa na taa ya juu watupa mstari mweusi mpaka kwenye nyusi. Urudishe nyuma kidogo, ubane kwa pini pembeni, na taa ishuke iwe usawa wa uso. Nikabu lazima ifunguliwe. Ukitaka apige mwanamke, kwa simu na ukuta mweupe nyumbani yawezekana vizuri kabisa ukifuata haya ya juu.

Rangi nayo: mtandio mweupe kwenye ukuta mweupe kichwa chapotea, mtu haoni kimeanzia wapi, na hata ukipima unakisia. Vaa wa rangi, au mweusi. Na wanaume ni vivyo hivyo na kanzu nyeupe, mabega yayeyuka ukutani, yabaki uso unaoelea. Vaa koti juu au shati la rangi. Kofia kama si ya dini ya kila siku itoe.

Miwani toa. Tangu tarehe 1 Novemba 2016 hairuhusiwi kwenye picha za viza za Marekani, hata ya macho, isipokuwa sababu ya matibabu yenye barua iliyosainiwa na daktari. Sare ya kazi pia hapana, askari na mlinzi badilisheni shati.

Mtoto mchanga mlaze juu ya shuka nyeupe umpige kutoka juu, kivuli chako kisimwangukie, na mkono wa mama usionekane. Mchanga hata macho yasipokuwa wazi kabisa wanakubali, mtoto mkubwa lazima ayafungue.

Mtandaoni ilipita, karatasi ndiyo si sawa

Pima kwa rula. Printa nyingi zikiachwa zijiamulie hubana picha ili iingie kwenye karatasi, na ile iliyokuwa milimita 51 yatoka 48. Mwambie anayeprinti aweke asilimia 100, pikseli 300 kwa inchi kama faili ni ya 600 kwa 600, halafu upime kabla hujalipa: upande 51, kichwa kati ya 25 na 35. Iwe karatasi ya picha, ya kung'aa au isiyong'aa zote sawa, lakini sio karatasi ya fotokopi. Kama una picha ya karatasi ya 2 kwa 2 iliyo sahihi na faili imepotea, hiyo ndiyo waweza kuskani kwa 300 na utapata kama pikseli 600. Ile ya 35 kwa 45 usiiskani, tumeshaona yaishia wapi.

Imepita kwenye fomu, lakini ubalozini wanataka nyingine

Kupita kwenye DS-160 maana yake ni kuwa kompyuta imekubali faili. Mwenye kusema ndiyo au la ni ofisa, na yeye aweza kuona kitu kompyuta haikuona: picha ni ya zamani, ni ile ile iliyo kwenye viza yako ya mwisho, ngozi imelainishwa. Na kinyume chake, ikiwa umejaribu kupandisha na imeshindikana kabisa, fomu haikufungi hapo, yaweza kuendelea, na kwenye karatasi ya uthibitisho utaona alama ya X mahali pa picha. Hiyo X maana yake upeleke picha ya karatasi siku ya mahojiano.

Mahojiano yako Nairobi, Gigiri, na mtu wa Mombasa hana nafasi ya kurudi nyumbani kufuata picha. Ukiwa na X au huna, printi mbili za inchi 2 kwa 2, zipime, zitie kwenye bahasha ngumu pamoja na pasipoti ili zisikunjike, na uzikague tena kabla hujapanda treni Miritini.